Mifuko mingapi ya saruji inaingia kwenye ukuta?

Fundi akiulizwa ukuta wa uzio utakula vifaa gani, mara nyingi hutazama kiwanja, hupiga hatua chache, kisha hutaja idadi: lete mifuko 20, tofali 500, mchanga tripu mbili. Huenda amepatia, maana mazoea ya miaka mingi nayo ni kipimo. Shida ni kwamba mwenye kiwanja hajui ile mifuko 20 ni ya kazi gani, na ikiisha ukuta ukiwa nusu hana pa kuanzia kuuliza. Hesabu yenyewe si ngumu. Inahitaji futi kamba, kalamu na kujua jambo moja ambalo wengi hawalitazamii: saruji nyingi ya ukuta haiendi kwenye kupanga tofali, inaenda kwenye lipu.

Tuchukue ukuta wa urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2, wa tofali za bloku za inchi 6, zile za urefu wa sentimita 45, kimo cha sentimita 23 na unene wa sentimita 15. Msingi tuseme umeshakamilika. Nguzo za zege pia tuziweke kando, kwa kuwa zina orodha yake ya nondo na kokoto. Lakini zisisahaulike, kwa sababu ukuta mwembamba namna hii ukisimama peke yake upepo mkali unaweza kuulaza.

Kila tofali linalala juu ya udongo wa sentimita 2 hivi, kwa hiyo kozi moja inapanda sentimita 25. Kimo cha mita 2 ni kozi 8. Kwa urefu, tofali pamoja na udongo wa ubavuni ni sentimita 47, na mita 20 zinameza tofali 43 kwa kozi. Zidisha mara 8, unapata 344. Zitavunjika kwenye gari na nyingine zitakatwa pembeni, hivyo ongeza asilimia 6, uagize 365. Nafasi zitakazochukuliwa na nguzo zitakuachia akiba kidogo.

Udongo wa kujengea unapatikana kwa kutoa. Ukuta mzima una ujazo wa mita za ujazo 6, yaani urefu mara kimo mara unene. Tofali 344 zenyewe zinachukua kama 5.34. Kilichobaki, 0.66, ndicho udongo. Ukiweka na unaomwagika chini, chukua 0.8. Sasa kuna kitu kinachopotosha watu wengi: saruji na mchanga mkavu vikipigwa maji hujibana. Toroli 10 za mchanganyiko mkavu hutoa kama toroli 8 tu za udongo uliotayari. Kwa hiyo zidisha 0.8 mara 1.3, unapata takribani mita moja ya ujazo ya vitu vikavu.

Kwa uwiano wa saruji 1 kwa mchanga 5, sehemu moja kati ya sita ni saruji. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, hivyo hesabu inaangukia mifuko 5, pamoja na mchanga usiofika mita moja ya ujazo. Njia ya haraka ya kujihakiki ni kugawa tofali kwa mifuko: mfuko mmoja unapanga tofali 69 hapa. Fundi akikuambia mfuko unapanga 30 tu, muulize udongo wake ni mnene kiasi gani, au tofali zake zimepinda kiasi gani.

Tuje kwenye lipu. Ukuta una pande mbili, kwa hiyo eneo la kupigwa lipu ni mita za mraba 80. Kwa unene wa milimita 15, ukiongeza asilimia 20 ya kumwagika na kuziba mashimo, halafu ukazidisha 1.3 kama awali, unafika mita za ujazo 1.87 za vitu vikavu. Kwa uwiano uleule hiyo ni mifuko 9 ya saruji na mchanga wa mita za ujazo 1.6. Karibu maradufu ya mifuko iliyojenga ukuta wenyewe.

Na hiyo ni kama ukuta umenyooka. Tofali likichomoza huku na jingine likaingia kule, fundi wa lipu hulazimika kujaza mabonde mpaka uso uwe sawa, na unene wa wastani hufika milimita 25. Mifuko 9 inageuka 15. Mifuko 6 ya ziada imepotea kwa sababu timazi halikushushwa na kamba haikukazwa kwenye kila kozi. Kabla ya lipu, simamisha mbao iliyonyooka ukutani sehemu kadhaa. Mwanga ukipenya nyuma yake kwa upana wa kidole, ongea na fundi kabla hujanunua saruji.

Mchanga jumla unakaribia mita za ujazo 2.5. Mbichi huvimba, kwa hiyo agiza 3. Hapa ndipo pesa hutoroka kimya, kwa kuwa muuzaji anasema tripu, na tripu si kipimo. Pima bodi la gari: la urefu wa mita 3, upana wa mita 1.8 na mchanga uliosawazishwa kwa kimo cha sentimita 55 lina mita 3 za ujazo. Likiletwa na mlima katikati na pembe tupu, mwambie dereva asawazishe kwa chepe kwanza. Tia pia mchanga kwenye chupa hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache saa tatu. Tope likijikusanya juu kama utando mnene, mchanga huo hautashika saruji vizuri. Wa ufukweni usiupokee kabisa, kwani chumvi yake huchafua lipu na kula nondo.

Sasa bajeti. Bei ninazoweka hapa ni za mfano kwa shilingi za Tanzania. Weka za mtaani kwako mahali pake. Tofali 365 kwa 1,500 ni 547,500. Saruji mifuko 14 pamoja na mmoja wa akiba, kwa 17,000, ni 255,000. Mchanga tripu moja iliyopimwa, 120,000. Kubeba tofali na saruji hadi saiti, 60,000, ila kwanza uliza kama bei ya tofali ni ya kiwandani au ya kuletewa, usije ukalipa mara mbili. Jumla 982,500. Ongeza asilimia 10 ya dharura, inakuwa 1,080,750, bila ufundi, ambao ni mapatano yake.

Saruji usiinunue yote siku moja. Mifuko 5 ya kupanga inatosha kuanzia, iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta wa stoo. Zile 10 subiri mpaka ukuta umekauka na umeshapimwa kwa mbao, kwa sababu saruji iliyokaa ikavuta unyevu hufanya mabonge, na mabonge yasiyovunjika kwa vidole hayafai tena kwa lipu. Kusubiri huko pia ndiko kutakakokuambia kama ni mifuko 9 kweli, au ni 15.