Nguo Isiyochuja: Shabu, Maganda ya Vitunguu na Jaribio la Sabuni

Mchuzi wa bizari ukidondokea kanzu nyeupe, mwenye kanzu huikimbilia sabuni. Doa la manjano hugeuka jekundu papo hapo, na kila akilisugua linazidi kung'ang'ania. Kanzu ikianikwa juani, doa huanza kufifia, na likipata jua kali siku kadhaa huweza kutoweka kabisa. Sabuni, kwa kuwa ina asili ya magadi, iligeuza tu sura ya rangi. Aliyeivunja ni jua.

Rangi za mimea ndivyo zilivyo. Moja hustahimili maji ikashindwa na jua, nyingine huonekana imekolea siku ya kwanza ikaishia yote kwenye beseni. Kwa hiyo anayetaka kuuza kitambaa kilichotiwa rangi ya mimea ana kazi mbili: kuishikiza rangi, kisha kuhakikisha kwamba imeshika kweli.

Ushauri unaosikika sana ni kumalizia kwa chumvi na siki "ili rangi ishike". Kwa rangi za mimea kwenye pamba, ushauri huo haufai. Chumvi husaidia baadhi ya rangi za kiwandani kuhama kutoka majini kwenda kwenye pamba, na siki hufaa rangi fulani za sufu na hariri. Pamba ina tatizo jingine: nyuzi zake hazina pa kuzishikia rangi nyingi za mimea. Lazima kiwepo kitu cha kati, kinachoushika uzi upande mmoja na rangi upande wa pili. Kitu hicho ni kishika rangi, na kinachojulikana zaidi ni shabu, yale mawe meupe ambayo watu huyatumia kusafishia maji ya kunywa. Aluminiamu iliyomo ndani ya shabu huungana na rangi, na muungano huo hauyeyuki kirahisi majini. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya kitambaa kuingia kwenye sufuria ya rangi.

Tuchukue kipande cha marekani chenye gramu 200, kwa rangi ya maganda ya vitunguu maji. Vipimo vyote hufuata uzito wa kitambaa kikavu, si wingi wa maji.

Kwanza marekani huchemshwa saa moja au mbili kwa sabuni na magadi ya kufulia. Maji hugeuka kahawia kama chai, kwa sababu pamba isiyopaushwa ina nta na uchafu wake wa asili. Kipimo ni rahisi: tone la maji likidondoshwa juu ya kitambaa kikavu linywewe mara moja. Likikaa juu kama shanga, nta bado ipo, na rangi itatoka na mabaka.

Shabu peke yake huishika pamba kwa unyonge, hivyo hutanguliwa na tanini, ule ukakasi wa chai iliyokolea. Maganda makavu ya komamanga, gramu 50 hivi, huchemshwa kwa moto mdogo, maji yakachujwa na kitambaa kikalala humo usiku mzima. Gome la mkandaa nalo lina tanini tele, ila huacha wekundu wake, na kukata mikoko kuna sheria zake. Kwa njano safi, komamanga ni bora.

Siku ya pili huyeyushwa gramu 30 za shabu kwenye maji ya moto, kisha huongezwa gramu nne za magadi kidogo kidogo. Maji yatafoka povu. Ndoo iwe kubwa. Magadi hupunguza ukali wa shabu ili aluminiamu iketi vizuri kwenye nyuzi. Kitambaa hulala humo tena usiku mzima, kisha husuuzwa vizuri. Wengi huharibu hapo. Shabu isiyoshika ikibaki kwenye kitambaa, huachia ndani ya sufuria, ikaikamata rangi majini. Maji yakiwa mazito na vumbi la njano likatuama chini, hiyo ndiyo rangi iliyokusudiwa kuwa kwenye nguo.

Maganda ya vitunguu, gramu 100 hadi 200, huchemshwa saa moja, yakachujwa, na kitambaa kikapikwa humo kwa moto mdogo saa nyingine. Hutoka njano yenye kuelekea dhahabu. Kikichovywa dakika chache kwenye maji yenye chuma kidogo sana, njano hugeuka kijani cha zeituni. Hapa tamaa ina gharama yake: chuma kikizidi hula pamba, na nguo za kale zilizotiwa weusi wa chuma na tanini mara nyingi huchanika palepale penye weusi. Mrututu pia hushika rangi, lakini shaba yake ni sumu, na maji yake hayafai kumwagwa ovyo. Sufuria za kazi hii zisirudi jikoni.

Nguvu ya chuma wanaijua vizuri mafundi wa ajrak wa Kachi, nchi ya India walikotoka wafanyabiashara wengi wa Unguja ya zamani. Wao huanza kwa tanini ya tunda la harda, kisha huchapa kitambaa kwa chuma palipo peusi na kwa shabu patakapokuwa pekundu. Kitambaa kikiingia kwenye sufuria moja ya rangi, kila sehemu hutoka kulingana na kishika rangi chake. Baada ya tetemeko la ardhi la 2001, maji ya kijiji cha Dhamadka yalizidi chuma, na rangi zikaharibika. Mafundi wengi wakahama na kujenga kijiji kipya, Ajrakhpur.

Sasa jaribio. Kitambaa kwanza kisuuzwe mpaka maji yawe meupe, kwani rangi iliyolala juu tu hutoka hata kwenye kazi nzuri. Hukatwa kipande cha sentimita 10 kwa 4, kikashonwa pamoja na kipande cheupe cha pamba. Kingine hufichwa kabatini kwa kulinganisha. Kilichoshonwa huingia kwenye chupa yenye maji ya nyuzi joto 40 na gramu nne za sabuni kwa lita, kikatikiswa nusu saa. Maabara huongeza vigololi vya chuma ili kuiga msuguano. Nyumbani kokoto laini zinatosha.

Vikikauka hutazamwa mambo mawili, na hutolewa alama mbalimbali: rangi imepungua kiasi gani, na kile cheupe kimechafuka kiasi gani. Maabara hutumia ngazi ya kijivu, kuanzia 1 iliyo mbaya hadi 5 isiyobadilika. Kitambaa kinaweza kubaki na rangi yake ilhali kimeharibu shati la jirani.

Njano ikionekana imeiva zaidi baada ya sabuni, asifurahi mtu mapema, wala asikate tamaa ikigeuka sura. Kipande kitiwe kwenye maji yenye matone ya limau. Rangi ya awali ikirudi, ni magadi tu yaliyoigeuza, isiporudi, imeondoka. Maua ya choya, yenye wekundu wa kuvutia sana sufuriani, kwa kawaida hugeuka kijivu kwenye jaribio hili na hayarudi vilivyokuwa.

Kufaulu kwenye sabuni hakumalizi kesi. Kipande kingine hufunikwa nusu kwa kadibodi na kuwekwa dirishani penye jua wiki mbili. Njano ya vitunguu iliyoshikizwa na shabu mara nyingi huvuka sabuni vizuri kuliko inavyolivuka jua, na chenye chuma kwa kawaida hustahimili zaidi. Fundi akiona mstari umejichora kati ya nusu mbili, kitambaa hicho akiuze kwa mto wa chumbani, si kwa pazia, na amwambie mnunuzi akianike kivulini.