Ukibonyeza @ Ikatoka ": Usikimbilie Kubadilisha Kibodi

Mtu ananunua laptopu ya mtumba, anafika nayo nyumbani, anaiwasha ili aandike barua pepe. Anashika Shift na kubonyeza 2, mahali palipochorwa @, lakini kwenye skrini inatokea alama ya mtajo. Anarudia, inatoka ile ile. Wengi hapo huamua kwamba kibodi imekufa, na safari ya kwa fundi inaanza. Wapo wanaouziwa kibodi nyingine, na ikishafungwa inatoa makosa yale yale, kwa kuwa kosa halikuwa kwenye kibodi tangu mwanzo.

Ili kuelewa kwa nini, ni vyema kujua kinachotokea kidole kinapogusa kitufe. Kitufe hakipeleki herufi kwenye kompyuta. Kinapeleka namba inayotaja mahali kilipo: safu gani, nafasi ya ngapi. Kompyuta inaipokea namba hiyo na kuitafuta katika jedwali lililomo ndani ya mfumo wake, kisha inaandika herufi inayoikuta humo. Jedwali hilo ndilo linaloitwa mpangilio wa kibodi. Ule mchoro ulio juu ya kitufe ni rangi tu. Kompyuta haiuoni wala haijui umeandikwa nini. Mchoro ukifuata jedwali la Marekani huku mfumo ukisoma jedwali la Uingereza, vidole vitabonyeza kitu kimoja na skrini itaonyesha kingine.

Majedwali haya hutofautiana kwa nchi. Wajerumani wanaitumia Z mara nyingi kuliko Y, hivyo kwenye kibodi zao Z iko juu katikati na Y imeshushwa chini pembeni. Wafaransa wanaanza safu ya juu kwa A na Z badala ya Q na W, na tarakimu zao hazitoki mpaka ushike Shift. Kibodi hiyo ya Kifaransa ni ya kawaida Burundi na Kongo, kwa hiyo laptopu ikivuka mpaka kwenda Tanzania au Kenya huja na michoro hiyo. Na kwa kuwa laptopu nyingi za mtumba sokoni zimetumika kwanza Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, michoro na mipangilio hukutana ovyo.

Jaribio la dakika moja

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, hakikisha kwanza kwamba tatizo ni la mpangilio. Kosa la mpangilio halibadilikibadiliki: kitufe kile kile kinatoa herufi ile ile isiyo yake kila unapokibonyeza, na mara nyingi vitufe viwili vinakuwa vimebadilishana. Kitufe kibovu hakina utaratibu huo. Kinakataa, au kinarudia herufi mara tano, au kinatoa herufi mbili kwa pamoja, hasa baada ya chai kumwagika.

Fungua Notepad, kisha shika Shift na ubonyeze 2, halafu Shift na 3. Ukipata @ na #, ile alama ya reli, kompyuta inasoma jedwali la Marekani. Ukipata " na £, inasoma la Uingereza. Ukipata " na §, ni la Ujerumani. Ukipata tarakimu zenyewe, 2 na 3, ni la Kifaransa. Baada ya hapo andika Y na A: Y ikitoka Z, au A ikitoka Q, umeshapata uthibitisho.

Kwa wanaotumia Windows kuna njia nyingine ya kuona kwa macho. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika neno hili, kisha bonyeza Enter:

```
osk
```

Itafunguka picha ya kibodi kwenye skrini. Picha hiyo inaonyesha jedwali ambalo kompyuta inalisoma wakati huo. Ilinganishe na vitufe vyako. Panapotofautiana ndipo penye tatizo.

Angalia pia umbo la kibodi yenyewe. Kibodi ya Marekani ina Enter fupi iliyolala na Shift ndefu upande wa kushoto. Ya Uingereza na ya nchi nyingi za Ulaya ina Enter ndefu iliyosimama safu mbili, na Shift ya kushoto ni fupi kwa sababu kuna kitufe cha ziada kando yake. Umbo hili husaidia hata pale michoro ilipofutika.

Kuna tatizo moja linalofanana na haya ila si la lugha. Kwenye baadhi ya laptopu ndogo, U, I na O zikitoa 4, 5 na 6, na J, K na L zikitoa 1, 2 na 3, basi Num Lock imewashwa. Izime, mara nyingi kwa kushika Fn pamoja na kitufe chenye maandishi NumLk.

Kurekebisha, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano unaotokea sana. Mwalimu amenunua laptopu yenye Enter fupi na @ iliyochorwa juu ya 2, yaani kibodi ya Marekani. Aliyemwekea Windows alichagua English (United Kingdom), na lugha hiyo ikaja na mpangilio wake. Pembeni kulia chini ya skrini pameandikwa ENG na chini yake UK. Akitafuta @ anapata ", akitafuta " anapata @, na mkwaju unaolalia nyuma, \, hauoni popote. Huo mkwaju haujapotea kwa bahati mbaya: katika jedwali la Uingereza umewekwa kwenye kile kitufe cha ziada kando ya Shift, na kibodi yake haina kitufe hicho.

Katika Windows 11 anafungua Settings, anaingia Time & language, halafu Language & region. Mbele ya English (United Kingdom) kuna nukta tatu. Anazibonyeza na kuchagua Language options. Chini, penye Keyboards, anabonyeza Add a keyboard na kuchagua US. Baada ya hapo anarudi kwenye United Kingdom katika orodha hiyo hiyo na kuiondoa kwa Remove. Utaratibu lazima uwe huo, kuongeza kwanza na kuondoa baadaye, maana lugha haiwezi kubaki bila kibodi hata moja. Katika Windows 10 njia ni ile ile, isipokuwa ukurasa unaitwa Language na kitufe kinaitwa Options.

Tazama kwamba hakuifuta lugha yenyewe. Lugha inaamua mambo kama usahihishaji wa tahajia. Kibodi inaamua kitufe kitoe nini. Anaweza kubaki na Kiingereza cha Uingereza akatumia kibodi ya Marekani, na viwili hivyo visigombane.

Sasa linakuja jambo linalowatesa watu baada ya kufanikiwa: nywila. Tuseme mwalimu huyu alijiwekea nywila huku mpangilio ukiwa bado wa Uingereza, na ndani yake alibonyeza kile alichodhani ni @. Nywila haionekani inapoandikwa, kwa hiyo hakujua kwamba kilichohifadhiwa ni ". Akisharekebisha kibodi, @ ya kweli itakataliwa. Aweke " mahali pa @ na mlango utafunguka, kisha abadilishe nywila hiyo mara moja. Penye alama ya jicho kando ya kisanduku cha nywila, aibonyeze aone anachoandika.

Skrini ya kuingilia nayo inaweza kuwa na mpangilio wake, tofauti na ule ulioko ndani. Ukikataliwa hapo, shika kitufe cha Windows pamoja na Space ubadilishe mpangilio, kisha ujaribu tena. Ukishaingia, fungua tena Language & region, chagua Administrative language settings, bonyeza Copy settings, weka tiki kwenye Welcome screen and system accounts, na mpangilio wako utafika hadi mlangoni.

Inapobadilika yenyewe, na ng'ombe anapokuwa ngómbe

Wengine kibodi yao ni nzima asubuhi, mchana inageuka. Kompyuta yenye mipangilio miwili au zaidi huibadilisha mtu akigusa Alt ya kushoto pamoja na Shift, au Ctrl pamoja na Shift, na vidole vinavyoandika haraka hugusa vitufe hivyo bila mtu kukusudia. Kitufe cha Windows pamoja na Space kitakurudisha ulipokuwa. Dawa ya kudumu ni kubakiza mpangilio mmoja tu, ule unaoutumia, na kuondoa iliyobaki. Hapo kompyuta haina pengine pa kuhamia.

Kwa anayeandika Kiswahili, mpangilio wa kuutazama kwa makini zaidi ni United States-International, ambao pembeni ya skrini huonekana kama ENG INTL. Umetengenezwa kwa lugha zinazoweka alama juu ya irabu. Ukibonyeza ritifaa, kompyuta haiandiki kitu. Inasubiri herufi inayofuata. Ikiwa ni irabu, inaibandika alama juu yake. Katika Kiswahili ritifaa ya ng' karibu kila mara inafuatwa na irabu, kwa hiyo ng'ombe anatoka ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo, na kung'aa inageuka kungáa. Alama ya mtajo nayo inafanya vivyo hivyo: ukiiweka mbele ya a unapata ä. Ukiwa na haraka, bonyeza ritifaa, kisha Space, kisha irabu. Ukitaka kulimaliza kabisa, weka US ya kawaida kwa hatua zile zile na uondoe hiyo ya International.

Linabaki swali la mwenye kibodi iliyochorwa kwa Kijerumani au Kifaransa. Akichagua mpangilio unaofuata michoro, atapata kila kilichochorwa, ila ajue mahali pa @: kwa Kijerumani ni AltGr pamoja na Q, kwa Kifaransa cha Ufaransa ni AltGr pamoja na ile 0 ya safu ya juu. Anayeandika bila kutazama vitufe anaweza kuweka US na kuisahau michoro, au kuifunika kwa stika. Lisilofaa ni kubaki katikati, mpangilio wa huku na michoro ya kule, kwenye kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa.

Kibodi inayotoa kosa lile lile kila mara ni kibodi inayofanya kazi. Basi kabla hujamlipa fundi, na hasa ukiwa bado dukani na laptopu mkononi, fungua Notepad ubonyeze Shift na 2. Kama kilichotoka sicho kilichochorwa, mwombe muuzaji abadilishe mpangilio mbele yako. Ni kazi isiyohitaji bisibisi wala kipuri.