Idjwi: Ukutani nusu kijiko cha chumvi, mdomoni kijiko kizima

Kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye vijiji vya kandokando ya ziwa Kivu, na kisiwa cha Idjwi hakikwepi. Ndiyo maana mafunzo ya reko, wale wajitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kueleza afya, ni jambo zito katika sultani zote mbili za kisiwa, Rubenga na Ntambuka. Mara nyingi mafunzo ya namna hii hutumia projekta: watu wanaona slaidi ukutani, na mfundishaji anasoma kwenye kompyuta maelezo ambayo yeye peke yake anayaona.

Hatari iko hapo. Maandishi ya ukutani na maelezo ya msemaji yanaweza kupingana, na hakuna anayejua mpaka reko mmoja aandike alichoona, jirani yake aandike alichosikia.

Sababu ni ya kawaida. Mtu anapochukua slaidi ya zamani na kuinakili ili atengeneze mpya, maelezo yake yanafuata pia. Anabadilisha maandishi ya juu, lakini ya chini yanabaki ya mwaka uliopita. Pengine slaidi imesahihishwa Bukavu kwa Kifaransa, na maelezo yalishatafsiriwa kwa Kiswahili kabla.

Kukagua hakuhitaji projekta. Kwenye PowerPoint ya Kifaransa, mtu anaingia "Imprimer" na kuchagua "Pages de commentaires". Kila karatasi inatoka na slaidi juu na maelezo chini. Mkaguzi afunike kwanza sehemu ya chini, asome slaidi zote na kuandika kila kipimo, saa, tarehe na katazo. Kisha afunike juu, afanye vilevile kwa maelezo. Anayesoma vyote pamoja huona anachotarajia kuona: jicho likishaona "nusu" juu, linaisoma "nusu" hata chini.

Chukua mfano wa mafunzo ya slaidi 12 juu ya kipindupindu. Baada ya kulinganisha, orodha inaweza kuwa hivi:

- Slaidi ya 4, maji ya chumvi na sukari ya kutengeneza nyumbani. Ukutani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maelezo: kijiko 1 kidogo cha chumvi.
- Slaidi ya 6, pakiti ya serum ya kunywa. Kwenye picha ya pakiti: lita 1. Maelezo: "jaza chupa ya lita 1,5."
- Slaidi ya 7, maji ya kloro ya kunawa mikono. Ukutani: 0,05 %. Maelezo: 0,5 %.

Hakuna hata moja iliyo kosa dogo. Chumvi ikizidi maradufu inaweza kumdhuru mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji. Pakiti ya lita 1 ikimwagwa katika lita 1,5 inakuwa nyepesi na haimrudishii mgonjwa chumvi anayohitaji. Na 0,5 % ni kloro kali mara 10 kuliko ile ya mikono. Hiyo ni ya kusafishia sakafu na vyombo.

Kosa la slaidi ya 6 ndilo rahisi kupita bila kuonekana, kwa sababu "lita 1" iko ndani ya picha. Anayenakili maandishi tu ili ayalinganishe hataipata. Picha na michoro lazima isomwe kwa macho, na slaidi zilizofichwa zifunguliwe pia.

Si kila tofauti ni mgongano. Slaidi ikisema 8h00 na maelezo yakasema saa mbili asubuhi, ni saa ileile. Lakini maelezo yakisema "saa nane", watu watakuja mchana, na hiyo inaingia kwenye orodha. Maelezo yakiongeza jambo ambalo slaidi haikulitaja, kwa mfano kunawa kwa majivu kama sabuni imekosekana, hayapingi kitu. Swali la kujiuliza ni moja: je, mtu anaweza kutii yote mawili kwa wakati mmoja? Akiweza, hakuna mgongano.

Mkaguzi asisahihishe papo hapo. Anaandika namba ya slaidi, maneno ya juu kama yalivyo, maneno ya chini kama yalivyo, na kuacha nafasi ya jibu. Slaidi si lazima iwe ndiyo yenye haki. Pengine maelezo ndiyo yaliyosahihishwa mwisho. Hapa mfano una jibu: ukutani na kwenye pakiti ndiko kwenye vipimo sahihi. Mahali pengine, mwenye kukata neno ni infirmiye au muganga mwenye muongozo mkononi, kabla pirogi ya mfundishaji haijaondoka.