Je, Wajua? Fonti ya Bure Ina Masharti Yake

Je, wajua kwamba fonti uliyoipakua bure inaweza kukuruhusu kuandika tangazo la msiba wa nyumbani kwenu, ikakukataza kuandika lebo ya kahawa?

Tuseme wakulima wa Mbale wanataka lebo ya kahawa yao ya Mlima Elgon, na kazi wamempa msanifu wa Jinja. Anapata fonti yenye madaha, na pembeni pameandikwa *Free for personal use*. Hayo ni matumizi binafsi: kazi yako mwenyewe isiyoingiza fedha. Lebo inauza kahawa, tena msanifu amelipwa, kwa hiyo hayo ni matumizi ya kibiashara. Hata kadi ya harusi, ukiitengeneza kwa malipo, kwa leseni nyingi inaangukia huko huko, ingawa maharusi hawauzi chochote. Hapo hulipia leseni ya biashara, au hutafuta fonti nyingine.

Lebo ikiisha hutumwa Mbale ikiwa PDF, na humo fonti husafiri pamoja na maandishi. Huko ndiko kupachika, na kuna ruhusa yake. Faili la fonti hubeba namba iitwayo `fsType`: 0 inaruhusu kupachika bila kizuizi, 4 ni kutazama na kuchapa tu, 8 inaongeza kuhariri, na 2 inakataza mpaka mwenye fonti akubali. Kwenye Windows utaiona kwa maneno: fungua Properties za faili hilo, kisha Details, usome *Font embeddability*. Lakini usiiamini peke yake, kwani wapo wasanifu wanaoacha 0 huku leseni yao ikikataza. Leseni ndiyo yenye neno la mwisho.

Fonti isipopachikwa, kompyuta ya Mbale huweka nyingine mahali pake na jina la kahawa huweza kutoka nje ya fremu. Kabla ya kutuma, fungua PDF kwa Adobe Reader, nenda Document properties, kisha Fonts. Kila jina liwe na *Embedded* au *Embedded Subset*. Wapo wanaogeuza herufi kuwa michoro. Hilo linatibu sura ya lebo, lakini ruhusa ya biashara bado huna.

Mimi ningechagua fonti yenye leseni ya SIL Open Font License, toleo la 1.1 la mwaka 2007. Inaruhusu biashara, kupachika na hata kurekebisha. Inakataza kuiuza fonti yenyewe peke yake, na ukiirekebisha usitumie jina lililohifadhiwa. Andika, fonti ya SIL kwa wanaojifunza kusoma, iko chini ya leseni hiyo, na ina herufi ŋ ya Kiganda, ambayo fonti nyingi za madaha huigeuza kisanduku kitupu.

Ukipakua, lihifadhi faili la `OFL.txt` pamoja na kazi ya mteja. Siku akiuliza, umwonyeshe.