Cyberpunk 2077: Mchezo mmoja wa Poland, hukumu mbili, bei ile ile

Mchezo wa video Cyberpunk 2077, uliotengenezwa na kampuni ya CD Projekt Red yenye makao yake mjini Warsaw, uliingia sokoni tarehe 10 Desemba 2020 kwa bei ya dola 60 za Marekani. Wahakiki waliousifu kabla ya siku hiyo hawakusema uongo. Wanunuzi waliodai kurejeshewa fedha zao siku chache baadaye hawakusema uongo pia. Tofauti yao ilikuwa ni mashine waliyouchezea, na hilo ndilo jambo ambalo tahakiki nyingi za mwanzo hazikuweza kulieleza.

CD Projekt Red ilikuwa imejijengea jina kubwa mwaka 2015 kwa mchezo wa The Witcher 3, na kwa hiyo imani ya wachezaji ilikuwa juu. Tarehe ya kutolewa kwa mchezo mpya iliahirishwa mara tatu, kutoka Aprili hadi Septemba, kisha Novemba, na hatimaye Desemba. Wahakiki walipopewa nakala za mapema walipewa za kompyuta pekee, bila za konsoli, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizozirekodi wenyewe. Walitakiwa watumie zile zilizotolewa na kampuni. Msomaji wa kawaida aliona alama za juu na picha za kuvutia, akalipia nakala ya PlayStation 4, konsoli iliyotoka mwaka 2013.

Leo tovuti ya Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki, inaonyesha wastani wa 86 kati ya 100 kwa toleo la kompyuta na 57 kwa toleo la PlayStation 4. Si kawaida mchezo mmoja kutengana hivyo.

Mji unaosomwa kutoka kwenye diski

Sababu ya pengo hilo inaeleweka kwa urahisi. Mchezo unafanyika katika Night City, mji wa kubuni uliojaa majengo marefu, magari na watu. Mji huo hauwezi kukaa wote kwa pamoja kwenye kumbukumbu ya mashine. Kila mchezaji anapoendesha gari, mtaa ulio mbele yake husomwa kutoka kwenye diski na ulio nyuma yake huondolewa. Kompyuta yenye diski ya kisasa, isiyo na sehemu inayozunguka, huifanya kazi hiyo bila shida. PlayStation 4 ya mwanzo ina diski ya kuzunguka iliyo ya polepole, na ilipotakiwa kusoma mji kwa kasi ya gari, ilielemewa.

Matokeo yalionekana kwa macho. Barabara zilikuwa tupu, nyuso za watu zilibaki kama udongo usiofinyangwa hadi picha kamili ilipowasili, na picha zilizopaswa kupita 30 kwa sekunde zilishuka wakati mwingine chini ya 20. Mara kwa mara mchezo ulijifunga wenyewe. Mwezi Januari 2021 mmoja wa waasisi wa kampuni, Marcin Iwiński, alieleza hadharani kwamba usomaji huo wa mji kwenye konsoli za zamani ulikuwa miongoni mwa matatizo makubwa. Kabla ya hapo, wiki moja tu baada ya mchezo kutoka, Sony ilikwisha kuuondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kutangaza kuwarejeshea wanunuzi fedha zao. Ulirudi dukani humo mwezi Juni 2021.

Si kila hitilafu ina uzito sawa

Video zilizoenea mtandaoni wakati huo zilionyesha watu waliosimama wima na mikono imenyooshwa kama msalaba, magari yaliyozama barabarani, na polisi waliotokea ghafla nyuma ya mgongo wa mhalifu katika uwanja mtupu. Hitilafu za namna hii huchekesha na huharibu ladha ya hadithi, lakini hazimgharimu mchezaji chochote zaidi ya hapo. Mbaya zaidi ni ile inayoufunga mlango ambao kazi haiwezi kuendelea bila kuufungua. Hapo mhakiki makini hufanya jaribio dogo: hurudia kutoka pale alipohifadhi mara ya mwisho. Hitilafu ikitoweka, ni usumbufu. Ikijirudia mahali pale pale, ni kizuizi, na lazima itajwe.

Iliyo mbaya kuliko zote haikuonekana katika video yoyote. Kwenye kompyuta, faili linalohifadhi maendeleo ya mchezaji lilipozidi megabaiti 8 liliharibika na halikufunguka tena. Faili hilo lilivimba kadiri mchezaji alivyobeba vitu vingi na kutengeneza vingine, na kwa hiyo walioathirika zaidi ni wale waliokwisha kuuchezea mchezo kwa saa nyingi, yaani waliokuwa wakiupenda. Ushauri wa kwanza wa kampuni ulikuwa kupunguza mizigo na kurudi kwenye faili la zamani. Sahihisho namba 1.06, lililotolewa siku mbili kabla ya Krismasi, liliondoa kikomo hicho, lakini mafaili yaliyokwisha kuharibika hayakuokolewa.

Mhakiki aliyeharakisha hadithi kuu ili awahi tarehe ya kuchapisha angeweza asikutane kamwe na janga hilo. Ndiyo maana mhakiki anapoandika kwamba hakuona hitilafu, maneno hayo hayana thamani bila mambo matatu kando yake: aina ya mashine, namba ya toleo, na idadi ya saa alizocheza.

Ugumu uliogeuka kadiri saa zilivyosonga

Mchezo una viwango vinne vya ugumu, kutoka rahisi hadi mgumu sana, na mchezaji anaweza kuvibadilisha wakati wowote. Swali la mhakiki hapa ni moja: anapouawa, je, anajua kosa lake? Akijua, ugumu ni wa haki hata ukiwa mkali. Asipojua, au akiona kwamba adui amepewa tu uhai mrefu hata risasi kumi za kichwani hazimwangushi, ugumu huo ni wa hesabu na si wa ustadi.

Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020 ilikuwa na kasoro zote mbili kwa zamu. Saa za mwanzo katika kiwango kigumu zaidi zilikuwa za mateso, kwani mhusika mkuu, mamluki aitwaye V, hana silaha wala uwezo wa maana. Baadaye mizani iligeuka. Mchezaji aliweza kubeba mamia ya dawa za kujitibu na kuzitumia mfululizo katikati ya mapigano, na aliyewekeza katika udukuzi aliweza kuwaangusha maadui wa jengo zima akiwa amejificha nje. Aliyeuhakiki kwa saa kumi angesema ni mgumu, na aliyeucheza kwa saa arobaini angesema umelegea.

Sahihisho la 2.0, la Septemba 2023, liliujenga upya mfumo huo. Dawa zikawa chache na hujijaza polepole, polisi wakaanza kufukuza kwa magari, na nguvu za maadui zikapanda sambamba na za mchezaji. Tahakiki ya ugumu iliyoandikwa kabla ya hapo inazungumzia mchezo ambao kwenye mashine mpya haupo tena.

Je, una la kurudia?

Hapa matangazo yaliahidi kuliko kilichotolewa. Mwanzoni mchezaji huchagua asili ya V: mhamaji wa nyikani, mtoto wa mtaani, au mtumishi wa shirika kubwa. Uchaguzi huo ulitajwa kana kwamba ni hadithi tatu. Kwa kweli kila asili ina utangulizi wa kama nusu saa, kisha njia zote zinaungana, na kinachobaki ni sentensi chache za mazungumzo hapa na pale. Anayeuanza upya kwa ajili ya asili nyingine pekee atajuta.

Tofauti ya kweli ipo mwishoni. Kuna hitimisho kadhaa, na baadhi hufunguka tu kwa aliyekamilisha kazi za pembeni za wahusika fulani, kama Panam, mwanamke wa jamii ya wahamaji. Baada ya hitimisho moja, mchezo humrudisha mchezaji kabla ya usiku ule wa maamuzi, hivyo anaweza kuchagua njia nyingine bila kurudia safari yote. Aliye na sababu njema ya kuanza upya ni yule anayetaka kubadilisha namna ya kupigana, kutoka bunduki hadi panga au udukuzi. Baada ya 2.0 sababu hiyo ina nguvu zaidi.

Dola 60 za lini?

Wachezaji wengi hupima bei kwa kuigawanya kwa saa. Hadithi kuu huchukua takriban saa 25, ambayo ni kama dola 2 na senti 40 kwa saa. Anayefanya kila kitu hufikia saa mia, na gharama hushuka hadi senti 60. Hesabu hiyo inavutia, ila inausifu mchezo wowote uliorefushwa kwa kazi za kujazia, na inahesabu saa ya mchezo uliojifunga mara tatu sawa na saa ya mchezo mzima.

Tarehe inapima vizuri zaidi. Aliyenunua Desemba 2020 kwa dola 60, kisha akanunua nyongeza ya Phantom Liberty mwaka 2023 kwa dola 30, alitoa dola 90. Aliyesubiri hadi Desemba 2023 alipata toleo lenye vyote viwili kwa dola 60, likiwa limekwisha kusahihishwa. Kwa huyo wa pili bei ni halali bila shaka, na kwa kuwa nakala za kompyuta hushushwa bei mara kwa mara, asiye na haraka hana haja ya kulipa hata hizo.

Mwenye PlayStation 4 au Xbox One hali yake ni nyingine. Sahihisho la 2.0 na Phantom Liberty havikuletwa kwenye konsoli hizo, ingawa mchezo wa awali bado unafanya kazi humo ukiwa bora kuliko ulivyozaliwa. Sifa anazozisoma leo zinahusu PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta. Na hata kwenye kompyuta, kampuni imekwisha kuitaja diski isiyozunguka kuwa sharti la chini. Anayenunua kupitia duka la Steam anaweza kuomba fedha zake ndani ya siku 14 iwapo hajacheza zaidi ya saa mbili. Muda huo unatosha kumaliza utangulizi na kuona kama mashine yake inaumudu mji.