Dakika tano za nesi na mgonjwa anayekunywa

Mgonjwa wa presha anameza dawa, lakini kipimo hakishuki. Nesi anaanza kwa kuomba ruhusa: “Baba, naomba tuzungumze kidogo kuhusu pombe.” Akikubali, anamuuliza anakunywa nini, kiasi gani, mara ngapi.

“Bia nne, karibu kila jioni.”

Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Nne ni 80. Nesi anamweleza kwamba kiasi hicho hupandisha presha, kisha ananyamaza amsikilize.

“Kutoka sifuri hadi kumi, uko tayari kiasi gani kupunguza?”

“Nne.”

“Kwa nini si moja?”

Swali hili ndilo moyo wa mazungumzo, kwa sababu linamfanya mgonjwa ataje sababu zake mwenyewe: ada za watoto, usingizi mbovu. Kumkaripia kungemfanya ajitetee tu.

Wanapatana: bia mbili, siku tatu kwa wiki, arudi baada ya mwezi.

Ila kama asubuhi hutetemeka na kutokwa jasho hadi anywe, asiache ghafla, maana anaweza kupata degedege. Huyo apelekwe kwa daktari.