Je, Wajua? Dau la kupanda daraja kwenye ndege

Wasafiri wengi wa Kolwezi hukata kilomita zipatazo 300 za barabara hadi Lubumbashi ili kupanda ndege ya kimataifa. Embraer 190 ya Kenya Airways, kwa mfano, ina viti 12 tu vya daraja la biashara, na 84 vya kawaida. Tuseme 9 vya biashara vimeuzwa na watu 10 wa daraja la kawaida wameweka dau la kupanda daraja: watakaopanda hawazidi watatu, tena si kwa bahati nasibu, bali hasa kwa ukubwa wa dau. Wakubwa wa migodi wakisafiri, nafasi hubana zaidi. Dau huhesabiwa kwa kila abiria na kila kipande cha safari. Likikataliwa, kadi haikatwi. Ukitaka kupanda daraja kwa pointi badala ya dau, tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi hazikubaliwi.